Thamosi ya stenlesi, ya kioo, kikombe cha plastiki au cha povu: kipi cha kuchanganyia maji ya kuyeyushia mbegu?

Mbegu ya fahali hutoka kwenye mtungi wa naitrojeni ndani ya mrija mwembamba, ikiwa na baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na sisi wahimilishaji hutakiwa kuutia mrija huo ndani ya maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde zisizopungua 40. Maji yakiwa baridi, mbegu huyeyuka polepole na chembe za barafu hupata nafasi ya kukua na kuzijeruhi. Yakizidi joto, mbegu hufa. Kwa hiyo tuna nyuzi mbili tu za kuchezea, na mimi hulenga 36.5.

Karibu wote tunaopandisha ng'ombe pembezoni mwa Nairobi, kuanzia Dagoretti na Kabete hadi Ruai na Kasarani, tunayapata maji hayo kwa njia moja: tunabeba maji moto kwenye thamosi kubwa, tukifika bomani tunaomba maji ya tangi, tunachanganya kwenye chombo kidogo. Ninayetaka kumsaidia hapa ni mwenzangu anayechagua hicho chombo kidogo. Nimetumia aina nne kwa miaka, na tofauti kubwa kati yake haiko mahali ambapo wauzaji wanakuelekeza. Wao watakuambia chombo kinahifadhi joto kwa saa ngapi. Kwa kazi ya dakika 2, swali la kwanza ni jingine: chombo chenyewe kitanyonya joto kiasi gani kabla ya kuanza kulihifadhi?

Nianze na asubuhi iliyonifundisha. Ilikuwa Julai, Dagoretti, umande bado uko kwenye majani ya nepia. Nilikuwa na kikombe cha plastiki chenye kuta mbili na mfuniko, kile kinachouzwa kwa ajili ya kahawa ya safarini. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu vizuri: maji moto gramu 92.5 ya nyuzi 78, maji ya tangi gramu 207.5 ya nyuzi 18. Nikamimina, nikachovya kipimajoto, kikapanda hadi karibu 36.5. Nikafurahi. Nikageuka kufungua mtungi wa naitrojeni, nikachagua mrija, nikavaa glavu. Mama mwenye ng'ombe alikuwa amesimama karibu akiangalia kile kipimajoto.

"Daktari, hii namba inashuka."

"Inashuka mpaka ngapi, mama?"

"Ilikuwa thelathini na sita. Sasa ni thelathini na nne na kitu."

Niliurudisha mrija haraka kabla haujapanda juu ya shingo ya mtungi. Baridi ya asubuhi isingeweza kuishusha gramu 300 ya maji iliyofunikwa kwa karibu nyuzi 2 ndani ya dakika moja na nusu. Joto halikuwa limetoka nje. Lilikuwa limeingia kwenye plastiki.

Hesabu niliyoifanya ndiyo wengi wetu tulifundishwa shuleni: joto lililopotea na maji moto ni sawa na joto lililopatikana na maji baridi. Ni kweli, ila inasahau mnywaji wa tatu. Chombo nacho kina joto lake la kuanzia, na lazima kifike kwenye joto lile lile la mwisho pamoja na maji. Njia rahisi ya kukiingiza ni kukihesabu kana kwamba ni maji: gramu ngapi za maji zingenyonya joto sawa na ukuta wa ndani wa chombo hiki? Mimi huita kiasi hicho maji ya chombo, na nakiandika W. Ukishakijua, hesabu nzima ni wastani tu wa vitu vitatu:

```
T = (Mm × Tm + Mb × Tb + W × Tc) / (Mm + Mb + W)
```

Mm na Tm ni gramu na nyuzi za maji moto, Mb na Tb ni za maji baridi, na Tc ni joto la chombo kabla hujamimina chochote.

W inatokana na vitu viwili, uzito wa ukuta unaogusana na maji na aina ya kitu kilichoutengeneza. Gramu moja ya maji hunyonya joto zaidi ya mara 8 kuliko gramu moja ya stenlesi, karibu mara 5 kuliko kioo, lakini ni mara 2 na kidogo tu kuliko plastiki ngumu ya vyombo vya jikoni. Hapo ndipo wengi tunakosea. Tunaliogopa chuma kwa sababu ni baridi ukilishika, na tunaiamini plastiki kwa sababu mkononi haina baridi. Mkono unakuambia jinsi kitu kinavyopitisha joto haraka, haukuambii kinanyonya kiasi gani. Gramu kwa gramu, plastiki ina kiu kubwa kuliko chuma.

Sasa vyombo vyenyewe.

Thamosi ndogo ya stenlesi ya nusu lita ina kuta mbili zenye ombwe katikati, na ukuta wa ndani pekee ndio unaohusika na mchanganyiko wako. Ukuta huo ni mwembamba, karibu nusu milimita, na wa kwangu nimeukadiria kuwa na gramu 125 hivi. Ukigawa kwa 8 na kitu unapata maji ya chombo ya gramu 15. Weka gramu zangu za Dagoretti ndani yake, thamosi ikiwa na nyuzi 18 kama maji ya tangi, na joto la mwisho linakuwa 35.6 badala ya 36.5. Umepoteza karibu nyuzi 1, lakini bado uko ndani ya mipaka. Na jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba chuma chembamba hunyonya sehemu yake papo hapo. Ukitikisa thamosi sekunde 10 ukasoma kipimajoto, namba unayoiona ndiyo utakayobaki nayo.

Ya kioo, ile ya ndani yenye kung'aa kama kioo cha kujitazamia, haiko mbali. Ukuta wake ni mnene zaidi, na kwa ukubwa huo huo utapata W ya gramu 20 hivi. Gramu zile zile zingekupa nyuzi 35.3. Ninachokilalamikia si hesabu yake, ni pikipiki. Barabara ya vumbi kati ya Njiru na Ruai haiheshimu kioo, na chupa ikipasuka ndani ya ganda lake utagundua ukiwa tayari bomani, vipande vikicheza. Ukiwa una gari na unaibeba kwenye kiti, ni chombo kizuri kabisa. Kumbuka tu kutomimina maji ya birika moja kwa moja kwenye kioo kilicholala kwenye baridi.

Kile kikombe cha plastiki kilikuwa na W ya karibu gramu 30. Weka kwenye hesabu na utapata 34.8, ambayo ni ile "thelathini na nne na kitu" aliyoisoma yule mama. Lakini ubaya wake mkubwa si huo. Ungeweza kuizoea gramu 30 kama unavyozoea gramu 15, ukaongeza maji moto kidogo basi. Ubaya ni kwamba plastiki ya milimita 2 hupitisha joto polepole, kwa hiyo inakunywa kwa dakika nzima na zaidi. Ukisoma mapema, kipimajoto kinakupa joto la maji ambayo bado hayajamaliza kulipa deni lake. Nilisoma 36.5 na namba ilikuwa ya kweli wakati ule. Haikuwa joto la mwisho. Chombo kinachokupa namba nzuri kwanza na mbaya baadaye ni hatari kuliko chombo kinachokupa mbaya tangu mwanzo, kwa sababu cha pili utakisahihisha.

Kikombe cha povu jeupe, kile chepesi, kina uzito wa gramu 3 au 4 tu. W yake ni kama gramu 1. Kwa hesabu ya kuchanganya, hakuna kinachokishinda: gramu zile zile hukupa 36.4, na ndiyo maana hutumika kufundishia jaribio hili shuleni. Tatizo lake ni baada ya hapo. Kikiwa wazi kwenye hewa ya nyuzi 18 maji yangu yalikuwa yakishuka karibu nyuzi 1 kila dakika 5, sehemu kubwa ikipotea juu kwa mvuke. Pia upepo unakisukuma, na ndama mdogo anakimaliza kwa pua moja. Ninacho kimoja kwenye begi kama akiba, na ninakiweka ndani ya kopo zito ili kisimame.

Kwa hiyo mimi natumia ya stenlesi, yenye mdomo mpana ili koleo na mrija viingie bila kugonga ukingo. Lakini kuichagua ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua namba yake, kwa sababu thamosi mbili za nusu lita zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na kuta za unene tofauti, na hakuna boksi linalokuandikia W.

Kuipima kunahitaji mizani ya jikoni ya dijitali na kipimajoto kinachoonyesha sehemu ya kumi ya nyuzi. Acha thamosi wazi ndani ya nyumba usiku kucha. Asubuhi pima joto la hewa ndani yake, tuseme ni 22. Iweke kwenye mizani, mimina gramu 200 za maji ambayo umeyapima muda huo huo, tuseme nyuzi 60.0. Maji ya 60 ni bora kuliko ya birika, kwa sababu yanayotoa mvuke mwingi hupoteza nyuzi 1 au 2 hewani wakati wa kumimina, na hasara hiyo utaidhania kuwa ni chombo. Funga, izungushe mkononi nusu dakika, fungua, soma. Ukipata 57.3 au 57.4, maji yamepoteza nyuzi 2.65 hivi mara gramu 200, yaani 530. Chombo kimepanda kutoka 22 hadi 57.35, nyuzi 35.35. Gawa 530 kwa 35.35 na W ni 15. Rudia mara tatu siku tatu tofauti. Zikija 14, 15 na 16, chukua 15. Zikija 12, 15 na 21, kuna kitu unakosea, na mara nyingi ni kipimajoto kilichosomwa kabla hakijatulia.

Kipimo hiki kinategemea pia maji yanafika wapi. Ukuta ambao haujaguswa na maji hunyonya kidogo tu, kwa hiyo W ya thamosi iliyojaa hadi nusu si sawa na ya iliyojaa hadi shingoni. Ukiizungusha vizuri tofauti hupungua, lakini ni afadhali kuipima ukiwa na kiasi kinachokaribia kile unachotumia kazini.

Na kiasi unachotumia ni uamuzi mwingine wenye uzito. Wapo wanaochanganya maji kidogo, gramu 150, ili kuokoa maji moto kwa ng'ombe wa pili. Chukua thamosi ile ile ya W 15 na upunguze gramu zote kwa nusu: sasa joto la mwisho linashuka hadi 34.8. Chombo hakijabadilika, ila sehemu yake katika mchanganyiko imekuwa kubwa maradufu. Mrija nao hunyonya joto lake. Mrija mmoja wa nusu mililita ukitoka kwenye naitrojeni hushusha gramu 300 za maji kwa karibu nyuzi 0.3, na gramu 150 kwa karibu 0.6. Ukiyeyusha miwili kwa mpigo kwenye maji machache, umeshafika karibu na ukingo wa mipaka bila chombo kukosea. Mimi sishuki chini ya gramu 300.

Nifike kwenye kosa ambalo hata thamosi nzuri haikuokoi nalo. Wapo waliosikia kwamba chombo kinanyonya joto, wakaamua kukipasha kwanza kama tunavyofanya kabla ya kuweka chai: wanamimina maji moto, wanatikisa, wanayamwaga, halafu wanachanganya kwa vipimo vya zamani. Tuangalie. Thamosi imepashwa hadi 78, maji moto gramu 92.5 ya nyuzi 78, maji baridi gramu 207.5 ya nyuzi 18. Zile gramu 15 za chombo sasa ziko upande wa moto, na joto la mwisho ni 38.5. Vipimo ni vile vile, chombo ni kile kile, na kati ya thamosi baridi na thamosi moto pana karibu nyuzi 3. Mipaka yetu yote ni nyuzi 2.

Kuna anayeuliza kama kuanza na maji moto au baridi kunabadilisha joto la mwisho. Kama hakuna joto linalotoka nje, haibadilishi kitu. Chombo kikianza na nyuzi 18, kitaishia pale pale kwa njia zote mbili. Kinachobadilika ni kile unachokipima. Ukimimina maji moto kwanza kwenye thamosi baridi, yatashuka kutoka 78 hadi karibu 69.6 kwa sababu chombo kimeshakunywa. Ukichukua 69.6 kuwa joto la maji moto na kuendelea na hesabu, ni lazima ukihesabu chombo kuwa nacho kina 69.6, si 18. Wengi huchanganya hizo mbili, na makosa yao huja mara juu mara chini hadi wanailaumu thamosi.

Ndiyo maana naanza na maji baridi, tena kwa makusudi. Namimina maji ya tangi kwenye thamosi, nafunga, nazungusha nusu dakika, kisha ndipo napima joto lake yakiwa humo ndani. Hata kama thamosi ilikuwa imelala kwenye buti la gari ikiwa na nyuzi 12, sasa chombo na maji baridi vina joto moja, na namba moja inatosha kwa vyote viwili. Chombo kimekuwa sehemu ya maji baridi. Hesabu inabaki hivi, kwa jumla ya gramu 300 na W ya 15:

```
Mm = 315 × (36.5 − Tb) / (Tm − Tb)
```

Kwa asubuhi ile ya Dagoretti jibu lingekuwa gramu 97 za maji moto, na 203 za baridi. Tofauti na hesabu ya zamani ni gramu 4 na nusu, chini ya kijiko kimoja cha chai. Ukishachanganya bila kuhesabu chombo na kujikuta kwenye 35.6, kuongeza gramu 6 au 7 za maji ya 78 kunakupandisha hadi 36.5. Ongeza kwa kijiko, tikisa, soma tena. Usimimine kwa kukisia kutoka kwenye mdomo wa thamosi kubwa.

Joto la maji moto nalo lipime kila mara, hata kama yametoka kwenye birika sasa hivi. Nairobi iko juu, na maji hapa huchemka karibu nyuzi 94. Nimeona kijana aliyekuwa akijifunza kazi akiandika 100 kwa sababu kitabu kilisema hivyo. Kwa maji ya tangi ya nyuzi 18 alipata kwamba anahitaji gramu 67.7, akasahau na chombo, na mchanganyiko wake ukaishia 34.3. Makosa yote mawili yalivuta upande mmoja, na kwa macho maji yalikuwa na uvuguvugu mzuri tu. Kidole hakitofautishi 34 na 36.

Ndani ya mfuniko wa thamosi yangu nimebandika kipande cha plasta nyeupe, maandishi ya kalamu ya wino usiofutika. Juu kabisa ni "W 15, jumla 300". Chini yake ni maji moto yanayohitajika tangi likiwa nyuzi 18: ya 70, gramu 112; ya 78, gramu 97; ya 85, gramu 87; ya 90, gramu 81. Safu ya pili ni ya mchana wa Februari, tangi jeusi likiwa limekaa juani na maji yake yamefika 21: maji moto ya 78 yanashuka hadi gramu 86. Thamosi ikipotea nikanunua nyingine, plasta hiyo haihamii kwenye mfuniko mpya mpaka nimeipima.